Usichukue Void Heart kabla ya mwisho wa kwanza

Juzi kwenye banda la gemu hapa Kirumba, dogo mmoja alimaliza Hollow Knight akashangaa: mwisho alioupata sio ule wa kwanza aliouona kwa mwenzake, na hakukuwa na njia ya kuurudia huo wa kwanza. Kosa lilikuwa mpangilio tu.

Ukimshinda Hollow Knight, bosi wa hekaluni, bila kuwa na hirizi ya Void Heart, unapata mwisho wa kwanza. Gemu inakurudisha kwenye benchi lako la mwisho, unaendelea kama kawaida. Kwa hiyo anza na huo.

Baada ya hapo tafuta vipande viwili vya Kingsoul, hirizi inayozaa Void Heart. Kimoja kiko kwa malkia, kule Queen's Gardens. Kingine kiko ndani ya White Palace, na mlango wake haufunguki mpaka Dream Nail yako, silaha ya kuingilia ndoto, iamshwe kwa kukusanya Essence 1800. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana jumba lenyewe ni misumeno mitupu. Ukivipata, vaa Kingsoul (inakula nafasi 5 za hirizi), shuka chini kabisa Abyss, itageuka Void Heart. Haivuliki tena, kwa hiyo mwisho wa kwanza unakuwa umeufungia.

Rudi hekaluni. Pambano likikaribia kuisha, Hornet, yule mpiganaji mwenye sindano, ataruka na kumbana bosi. Hapo hapo mpige kwa Dream Nail, uingie kwa Radiance, bosi wa mwisho wa kweli. Dogo alichelewa, akaendelea kupiga kwa upanga, akaangukia mwisho mwingine, Sealed Siblings.