Paspoti haina muhuri hata mmoja: namna ya kumwonyesha afisa viza kwamba utarudi Tanga

Mwaka juzi mama mmoja wa Makorora aliniwekea mezani barua ya kunyimwa viza ya kutembelea Uingereza. "Mwanangu, nyumba ninayo, mume ninaye, wanataka nini tena?" Kazi yangu hapa Ngamiani ni kuwasaidia watu kujaza maombi ya viza, na swali hilo nimelisikia mara nyingi. Nitalijibu kwa kesi yake yeye.

Kwanza tuelewe shaka inatoka wapi. Kanuni za Uingereza zinamtaka mwombaji amridhishe afisa kuwa ni mgeni wa kweli, kwamba ataondoka muda wake ukiisha, na kwamba safari ina fedha za kutosha. Afisa anapima lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, utarudi au hutarudi. Aliyewahi kwenda nchi za mbali akarudi kwa wakati ameshajibu kwa vitendo. Paspoti tupu si kosa, ila haimpi afisa chochote cha kushika, kwa hiyo uzito wote unahamia kwenye karatasi ulizopeleka. Na mara nyingi kwa viza hii huitwi kwenye usaili. Unakwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole, kisha faili lako linakusemea.

Hatua ya 1: Soma faili lako kwa jicho la afisa

Tulikaa na yule mama tukalisoma ombi lake la kwanza mstari kwa mstari. Ananunua machungwa Muheza na kupakia malori ya Dar. Kwenye fomu aliandika kipato cha shilingi 2,500,000 kwa mwezi, lakini taarifa ya benki ilionyesha 400,000 hapa, 350,000 pale. Halafu, siku tisa kabla ya kutuma maombi, zikaingia 12,000,000 kwa mkupuo. Shemeji alimwekea "ili akaunti ipendeze". Muda wa kukaa alioomba ni miezi sita mizima, na sababu ni neno moja tu: kutembea.

Sasa kaa upande wa afisa. Biashara gani inaachwa miezi sita bila mwenyewe? Fedha za nani zile? Ile hati ya nyumba aliyoitegemea haikumsaidia, na mimi sishangai. Nyumba haikulazimishi kurudi. Inaweza kupangishwa, au ndugu akaitunza. Iambatanishe, lakini usiifanye nguzo.

Hatua ya 2: Tafuta jambo lenye tarehe

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na mteja. Ninamuuliza: usiporudi kufikia tarehe fulani, nini kitaharibika? Mwajiriwa ana jibu jepesi, yaani barua ya likizo inayotaja cheo, mshahara, siku ya kuanza likizo na siku ya kurudi kazini. Aliyejiajiri lazima achimbe.

Mama alifikiri kidogo, akasema, "Mimi mashamba nayanunua machungwa yakiwa bado mtini." Nikaweka kalamu chini. Kumbe kila mwaka anawalipa wakulima sehemu ya fedha mapema, anamalizia kabla ya msimu mkubwa wa katikati ya mwaka, na asipomalizia tunda linakwenda kwa mwingine na kianzio kinapotea. Kwake hayo yalikuwa mazoea ya kila mwaka, wala hakuyaona kama ushahidi. Tukayaweka kwenye mikataba miwili na wakulima wake wa Muheza, mbele ya mwenyekiti wa kijiji: kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki, na tarehe ya kumalizia, katikati ya Machi.

Familia ina uzito ikiwa inabaki nyuma. Tuliweka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili wanaosoma sekondari hapa mjini. Lakini mtu mwenye watoto wadogo akiandika kuwa atakaa miezi sita, vyeti hivyo hivyo vinamgeuka.

Hatua ya 3: Acha akaunti iseme kweli

Hatukutuma tena mara moja. Kuanzia Mei aliacha kuzungusha mauzo yote kwenye simu na mkononi. Kila wiki alipeleka fedha benki, na akahifadhi risiti za malori na taarifa ya miamala ya simu. Kufikia mwisho wa Oktoba tulikuwa na miezi sita inayoonyesha biashara inayopumua, na leseni ya biashara na karatasi za kodi za TRA zilikuwa na jina lilelile.

Kipato cha msimu kinahitaji hesabu ya wazi. Miezi minne ya msimu anapata faida ya kama 3,000,000 kwa mwezi, jumla 12,000,000. Miezi minane iliyobaki ni kama 600,000, jumla 4,800,000. Mwaka mzima ni 16,800,000, ukigawa kwa 12 unapata 1,400,000. Hiyo ndiyo tuliyojaza kwenye fomu, na hesabu yenyewe tukaiandika kwenye barua ya maelezo. Ni ndogo kuliko ile 2,500,000 ya mwanzo, lakini sasa kila karatasi inakubaliana nayo.

Fedha ikiingia kwa mkupuo kwa haki, mfano umeuza kiwanja au umepokea mchezo, ambatanisha uthibitisho wa ilikotoka. Usipokuwa nao, subiri.

Hatua ya 4: Safari iendane na maisha yako

Safari hii binti yake wa kule alitarajia kujifungua Januari. Tuliomba siku arubaini, katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari, tukaeleza kwenye barua kwamba kwetu mama mzazi hukaa na binti yake hadi arubaini itimie. Binti alilipa tiketi, na akatoa barua ya mwaliko, uthibitisho wa kibali chake cha kuishi kule, hati za mshahara na za nyumba. Mama alibeba 800,000 tu za matumizi. Mtu anayepata 1,400,000 kutumia kiasi hicho kunaeleweka. Angesema analipa milioni nane mwenyewe, shaka ingerudi.

Hatua ya 5: Tafsiri na ukweli

Mkataba wa kijiji kwa Kiswahili pekee ni karatasi bubu. Kila hati isiyo ya Kiingereza iende na tafsiri ya Kiingereza ambayo mtafsiri amethibitisha kuwa ni sahihi, ikiwa na tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano.

Kwenye swali la kama umewahi kunyimwa viza, jibu ndiyo. Tuliandika nini kilikosekana mara ya kwanza na nini kimebadilika. Kuficha, au kupeleka taarifa ya benki ya kughushi, kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na ninawasihi msiwasikilize wanaouza hizo karatasi. Viza ya matembezi kwa kawaida haina rufaa, unaomba upya. Ukiomba na faili lilelile, tarajia jibu lilelile.

Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu huchukua kama wiki tatu. Tulituma Novemba, viza ikatoka.

Nasikia wengi wakiuliza kama wavuke kwanza Horohoro kwenda Mombasa ili wapate mihuri. Uzito wake ni mdogo, kwani Kenya ni jirani. Lakini kama unakwenda kwa shughuli zako, vuka kwa paspoti, maana hati ya muda ya mpakani haiachi alama ndani ya paspoti yako.

Na ukifika Uingereza, kumbuka wao hawagongi muhuri wa kutoka. Mama aliporudi nilimwambia atunze vipande vya kupandia ndege, na ahakikishe muhuri wa kuingia nyumbani unasomeka. Vimo kwenye bahasha moja na ile mikataba ya machungwa.