Kabla ya kuandika "akondroplasia", shika tepu

Cheti cha rufaa kilisema "akondroplasia, matege", yaani ufupi wa kuzaliwa unaotokana na jeni, pamoja na miguu iliyopinda. Mtoto wa kiume, miaka mitano, sentimita 88. Mama yake anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Aliniambia: "Dokta, huyu alizaliwa sawa na wenzake. Alipoanza kutembea ndipo nikaona anayumba kama bata."

Sentensi hiyo peke yake ilitosha kunifanya nikiweke cheti pembeni.

Hatua ya 1: Uliza ufupi ulianza kuonekana lini. Akondroplasia huonekana siku ya kuzaliwa: kichwa kikubwa, paji limetokeza, daraja la pua limebonyea, mikono na mapaja mafupi. Hipokondroplasia ni ndugu yake mpole, kwani zote mbili hutokana na hitilafu kwenye jeni ya FGFR3. Huyu mpole mara nyingi hagunduliwi mpaka mtoto afike miaka miwili, mitatu au zaidi. Sudoakondroplasia ina jina la kufanana tu. Jeni yake ni nyingine, COMP, na mtoto huzaliwa na urefu wa kawaida na sura ya kawaida, halafu anadumaa kuanzia mwaka wa pili hivi.

Hatua ya 2: Pima kichwa, kisha mtazame usoni. Kichwa cha huyu kilikuwa sentimita 51, cha kawaida kabisa kwa umri wake, na pua yake ni ya baba yake. Mwenye akondroplasia wa umri huo kwa kawaida angekuwa amepita hapo kwa sentimita kadhaa. Kumbuka kwamba urefu wa 88 haukutusaidia kitu, maana mtoto wa akondroplasia angeweza kuwa na 88 hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Gawa mwili sehemu mbili. Tumia tepu ya fundi cherehani isiyovutika. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, tafuta kwa kidole ukingo wa juu wa mfupa wa kinena, pima kutoka hapo hadi sakafuni. Hiyo ndiyo sehemu ya chini. Toa kwenye urefu wote, upate ya juu. Kwake: chini 36, juu 52. Gawanya 52 kwa 36, unapata 1.44. Mtoto mchanga huwa na takriban 1.7, wa miaka mitatu 1.3, na kufikia miaka kumi sehemu hizo hulingana. Kwa hiyo miguu ya huyu ni mifupi kuliko kiwiliwili chake kinavyodai.

Hapa pana mitego miwili. Jedwali nyingi zilitengenezwa kwa watoto wa Kizungu, ilhali Waafrika kwa wastani tuna miguu mirefu zaidi, na mtu mzima wetu hushuka hadi 0.85 hivi. Basi mtoto wa Ukerewe mwenye hipokondroplasia anaweza kuonekana "wa kawaida" kwenye jedwali hizo. Mlinganishe na ndugu zake pia. Mtego wa pili ni matege: goti likipinda, sehemu ya chini hupungua hata kama mfupa wenyewe haujapungua. Ndiyo maana sitoki chumbani bila kupima mikono: bega hadi kiwiko, kisha kiwiko hadi kifundo. Usitegemee upana wa mikono iliyonyooshwa, kwa sababu katika magonjwa haya viwiko mara nyingi havinyooki vizuri.

Hatua ya 4: Shika vidole. Katika akondroplasia, vidole vya mtoto hujitenga katikati kama uma wa meno matatu. Katika hipokondroplasia ni vifupi tu. Vya huyu vilikuwa vifupi na vilegevu ajabu. Niliviinamisha nyuma bila yeye kulalamika. Goti moja limepinda nje, jingine ndani, kama mtu anayesukumwa na upepo wa ziwani.

Hatua ya 5: Eksirei ithibitishe. Omba kiuno, nyonga, magoti na viganja. Kwa kawaida nafasi kati ya kishikizo cha kushoto na cha kulia cha kila pingili ya mgongo hupanuka kadiri unavyoshuka kiunoni. Katika akondroplasia hubanana, na katika hipokondroplasia hubanana kidogo au hubaki vilevile. Kwake ilipanuka kama kawaida, ila pingili zilikuwa na kiulimi mbele, na vichwa vya mapaja vilikuwa vidogo, vimechelewa, vyenye kingo chakavu. Hiyo ni sudoakondroplasia. Ncha za mifupa zilizochakaa zinaweza kukudanganya ukadhani ni rikets, kwa hiyo pima pia kalsiamu, fosfeti na alkalini fosfatesi.

Niliandika upya cheti. Mtoto alikuwa amepangiwa upasuaji wa kunyoosha magoti, na katika sudoakondroplasia pingili mbili za juu za shingo zinaweza kulegea. Nikaongeza mstari mmoja kwa mtu wa usingizi: eksirei ya shingo, ikiwa imeinama na ikiwa imenyooshwa, kabla hajainua kidevu cha mtoto kuweka mpira wa hewa.