Dakika 10 za kuuliza na kunyamaza: kuandaa ufundishaji mdogo kwa walimu tarajali

Kosa ninaloliona kila muhula ni lile lile: mwalimu tarajali anapewa dakika 10 za kuwafundisha wenzake wanaojifanya wanafunzi, naye anataka kufundisha somo zima la dakika 40. Anaweka utangulizi, chati, kazi ya vikundi na zoezi, na akimaliza hatujui tuanze kumsahihisha wapi. Mimi huziandaa dakika hizo kwa ujuzi mmoja tu. Hapa nimechukua ule unaowashinda wengi: kuuliza swali, kisha kusubiri.

Hatua ya 1: Andika ujuzi kwa namna inayopimika. "Kuuliza maswali vizuri" hakupimiki. Andika hivi: "Nitauliza maswali matatu. Baada ya kila swali nitanyamaza sekunde 3 au zaidi, ndipo nimtaje wa kujibu." Sekunde 3 zinatokana na kazi ya Mmarekani Mary Budd Rowe, aliyepima ukimya wa walimu katika madarasa ya sayansi. Alikuta wengi husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri 3, majibu ya watoto yalirefuka na walioshindwa kujibu walipungua.

Hatua ya 2: Chagua wazo moja, kisha andika maswali neno kwa neno. Kwa sayansi ya shule ya msingi nachukua hili: maji hugeuka mvuke hata bila kuchemka. Zana ni kitambaa kilicholowa, basi. Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu swali baya halihitaji kusubiriwa. Ukiuliza "Maji yakipata joto yanakuwa mvu...?" darasa zima litaitikia "...ke!" na hakuna aliyefikiri. Maswali yangu matatu ni haya:

1. Kitambaa hiki kikianikwa kivulini kitakauka. Maji yake yatakuwa yamekwenda wapi?
2. Kwa nini kingine kilichoanikwa juani kimekauka mapema zaidi?
3. Ukikikunja mara nne kabla ya kukianika, kitatokea nini, na kwa nini?

Jina la mwanafunzi lisitangulie swali. Ukisema "Asha, maji yamekwenda wapi?" wengine wote wameshapumzika.

Hatua ya 3: Gawa muda. Dakika 1 ya kuonyesha kitambaa, dakika 7 za maswali matatu, dakika 2 za kuandika ubaoni yaliyosemwa. Swali moja linapata dakika mbili na ushee. Hiyo inatosha kusikia watu wawili watatu na kuuliza "Umejuaje?"

Hatua ya 4: Wape wenzako uanafunzi wa kweli. Sita wanatosha. Tatizo lao ni kwamba ni watu wazima: wanajibu papo hapo na kwa usahihi, hivyo ukimya haujaribiwi. Nawapa watatu vikaratasi vyenye majibu ya kitoto: "Yameingia ndani ya kitambaa", "Jua limeyanyonya", "Yamedondoka yote chini". Wa nne naye anaambiwa asinyooshe mkono kabla ya kuhesabu moja hadi nne kimoyomoyo.

Hatua ya 5: Mweke mtazamaji mmoja mwenye kazi moja. Asiandike habari za sauti wala mavazi. Karatasi yake ina safu tatu: swali, sekunde za ukimya, na nani aliuvunja ukimya huo. Simu irekodi kutoka pembeni, sauti isikike vizuri, ili sekunde zihakikiwe baadaye.

Safu ya tatu ndiyo inayofichua mengi. Kijana mmoja niliyemsimamia alikuwa na hakika kwamba amesubiri. Tulipocheza rekodi, swali la kwanza lilikuwa na ukimya wa sekunde moja, kisha yeye mwenyewe akaendelea: "Yaani, maji yale... si yalikuwemo? Sasa yako wapi? Yamepanda juu, si ndiyo?" Wenzake wakaitikia: "Ndiyooo." Aliuliza mara tatu na kujijibu, na hakuna mkono ulionyooshwa.

Hatua ya 6: Sahihisha jambo moja, kisha arudie. Msikilize kwanza yeye, halafu mtazamaji asome namba zake. Huyu kijana hatukumwambia "jiamini". Tulikubaliana kwamba akimaliza swali afunge mdomo, akanyage hatua mbili polepole kuelekea dirishani, ndipo ageuke amtaje mtu. Mwili ukiwa na kazi, ulimi hauharakishi. Akaandaa upya kwa robo saa na kufundisha kundi jingine la sita, maana lile la kwanza lilishayajua majibu.

Mara ya pili alisubiri sekunde 4, 3 na 5. Kwenye swali la kitambaa kilichokunjwa, mwenzake mwenye jibu la "jua limeyanyonya" alianza hivyo hivyo, akasita, kisha akaongeza mwenyewe: "Lakini jua halifiki katikati." Hilo halikuwa kwenye kikaratasi chake.

Zoezi hili halimfundishi mtu kutuliza darasa la watoto 80. Akienda mazoezini, sekunde hizo 3 zitajaa kelele na mikono ya "mimi, mwalimu!", na huko atahitaji ujuzi mwingine, utakaoandaliwa kwa dakika zake 10 nyingine.