Somo: Majukwaa yakidai mauzo mengi kuliko daftari, pima hivi

Duka la mtandaoni limetumia 10,000 kwa matangazo mwezi mmoja. Jukwaa la kwanza linadai limeleta mauzo ya 28,000, la pili 22,000. Jumla 50,000. Ukifungua daftari, mauzo yote ya mwezi, hata ya waliokuja bila tangazo, ni 40,000. Mteja ameona tangazo huku, akabofya jingine kule, na kila jukwaa limejiandikia mauzo yaleyale.

Hatua ya 1: uwiano wa jumla. Gawanya mauzo yote ya daftarini kwa gharama zote za matangazo: 40,000 ÷ 10,000 = 4. Toa kwanza bidhaa zilizorudishwa.

Hatua ya 2: tafuta kizingiti chako. Gawanya 1 kwa asilimia ya faida ghafi. Duka hili linabakiwa na 40% baada ya gharama za bidhaa na usafirishaji, kwa hiyo 1 ÷ 0.4 = 2.5. Chini ya hapo matangazo yanakula faida yote. Uwiano wa 4 unaonekana salama.

Hatua ya 3: tenga wateja wapya. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Nusu ya mauzo yale, 20,000, yalitoka kwa wateja wa zamani ambao huenda wangenunua hata bila tangazo. Wapya walikuwa 200, kila mmoja akanunua kwa 100. Uwiano wao peke yao ni 2, chini ya kizingiti.

Hatua ya 4: muda wa kurudisha gharama. Kumpata mteja mpya kumegharimu 10,000 ÷ 200 = 50. Manunuzi ya kwanza yanaacha faida ghafi ya 40, bado 10. Fuata kundi hilohilo la watu 200: mwezi wa pili faida ghafi yao ni 6 kwa kila kichwa, wa tatu 5. Jumla 51, gharama imerudi mwezi wa tatu. Gawanya kwa wote 200, wakiwemo wasiorudi tena. Ukihesabu waliorudi tu, muda utaonekana mfupi kuliko ulivyo.

Je, miezi mitatu ni mingi? Inategemea pesa uliyonayo. Kama msambazaji anadai baada ya siku 30, itakubana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiongeza bajeti na uwiano ukabaki juu ya 2.5, niendelee?*
Hapana, ndugu yangu, pima nyongeza peke yake. Matangazo yakipanda hadi 13,000 na mauzo yakafika 44,500, uwiano ni 3.4, unavutia. Lakini 3,000 ya ziada imeleta 4,500 tu, yaani 1.5.

*Nitajuaje jukwaa la kukata?*
Vipimo hivi havikuambii. Zima jukwaa moja katika baadhi ya maeneo kwa wiki kadhaa, mengine yaache yalivyo, kisha linganisha mauzo ya daftarini. Usifanye hivyo msimu wa sikukuu.