SOMO: Fomula ya anuiti inakuweka mwaka gani? (Thamani ya sasa, thamani ya baadaye na malipo ya mfululizo)

Wanaojiandaa na mtihani wa utangulizi wa fedha wengi wanazijua fomula kwa kichwa, lakini swali la alama kumi likija wanakosa. Kinachowaangusha ni kutojua jibu la fomula limesimama mwaka gani, kwa hiyo nitakaa hapo tu, kwa swali moja tulifanye mpaka mwisho.

Swali. Mzazi atalipia ada ya chuo ya Sh 2,000,000 kila mwaka kwa miaka 4. Malipo ya kwanza ni miaka 3 kuanzia leo. Benki inatoa riba ya 10% kwa mwaka, na riba nayo inazaa riba. (a) Aweke kiasi gani leo ili ada zote zilipike? (b) Kama hana kiasi hicho kwa mkupuo, aweke kiasi gani kilicho sawa leo, mwaka ujao na mwaka wa pili?

Hatua ya 1: chora mstari wa muda

Kabla ya kugusa kikokotoo, chora. Leo ni alama 0.

```
0      1      2      3      4      5      6
                     2m     2m     2m     2m
```

Kila alama ni mwisho wa mwaka, na ndiyo hiyo hiyo mwanzo wa mwaka unaofuata. Shilingi zilizo kwenye alama tofauti hazijumlishwi mpaka uzihamishie kwenye alama moja. Kuzipeleka mbele unazidisha kwa (1+i) kwa kila mwaka, kuzirudisha nyuma unagawa.

Hatua ya 2: jua fomula inakutua wapi

```
PV = FV / (1+i)^n
PV ya anuiti = PMT × [1 − (1+i)^−n] / i
FV ya anuiti = PMT × [(1+i)^n − 1] / i
```

PV ni thamani ya sasa, FV ni thamani ya baadaye, PMT ni malipo ya kila kipindi, i ni riba ya kipindi na n ni idadi ya vipindi. Anuiti ni malipo yaliyo sawa, yanayopishana kwa muda ulio sawa. Fomula ya PV inakupa thamani kipindi kimoja kabla ya malipo ya kwanza. Haijui "leo" yako ni lini. Fomula ya FV inakupa thamani siku ile ile ya malipo ya mwisho. Ukiyashika haya mawili, maswali ya malipo yanayochelewa kuanza hayatakusumbua.

Hatua ya 3: kipengele (a)

Malipo ni 4, kwa hiyo n = 4. Kizidishi cha PMT ni [1 − 1.1^−4] / 0.1 = 3.169865. Ukizidisha kwa 2,000,000 unapata Sh 6,339,731.

Hapa simama ujiulize kiasi hiki kiko alama gani. Ada ya kwanza iko alama 3, kwa hiyo kiko alama 2. Kukileta leo ni kukirudisha miaka miwili, si mitatu:

6,339,731 / 1.1² = Sh 5,239,447

Wengi wanasoma "miaka 3 kuanzia leo" na kugawa kwa 1.1³. Wanapata 4,763,134, na kwa kuwa nambari inaonekana ya kawaida tu, hawashtuki. Njia ya kuigundua ni kuitembeza akaunti. Ukianza na 5,239,447, alama 3 kuna 6,973,704. Ukitoa ada inabaki 4,973,704, inakua hadi 5,471,074, unatoa tena, na ukiendelea hivyo alama 6 inakuwa na 2,000,000 kamili ya ada ya mwisho. Ukianza na 4,763,134, alama 6 utakuta 1,156,182 tu, yaani mtoto amefika mwaka wa mwisho na ada imepungua Sh 843,818.

Hatua ya 4: kipengele (b)

Akiba inawekwa alama 0, 1 na 2. Fomula ya FV inatua siku ya akiba ya mwisho, yaani alama 2. Ada zetu nazo tulishazileta alama 2, kwa hiyo pande zote mbili zimekutana hapo na hakuna cha kuhamisha tena.

Kizidishi cha FV kwa akiba 3 ni (1.1³ − 1) / 0.1 = 3.31. Basi PMT = 6,339,731 / 3.31 = Sh 1,915,327.

Kwenye mtihani, andika alama ya mwaka pembeni ya kila kiasi unachopata. Msahihishaji anaona hoja yako hata ukikosea hesabu, na wewe unaona mapema kama umeruka mwaka.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Rehema: Mwalimu, mtihani ukisema "malipo ya kwanza ni mwanzoni mwa mwaka wa nne", je, niweke alama 4?

*Jibu:* Hapana dada. Mwanzo wa mwaka wa nne ni mwisho wa mwaka wa tatu, hivyo ni alama 3, na jibu ni lile lile la juu. Mwaka wa kwanza unaanzia alama 0, kumbuka.

Kelvin: Mkuu, mimi kikokotoo kinanipa 5,763,392 kwenye (a). Nimerudia mara kadhaa, fomula ni ile ile.

*Jibu:* Gawa jibu lako kwa langu: unapata 1.1 kamili. Tofauti ikiwa (1+i) kamili, ujue umepishana kipindi kimoja. Angalia kama kioo kinaonyesha BGN. Hapo mashine inachukulia malipo yako mwanzoni mwa kipindi, kwa hiyo thamani inatua siku ile ile ya malipo ya kwanza, alama 3. Ama rudi kwenye END, ama ubaki na BGN lakini ugawe kwa 1.1³, zote zitakupa 5,239,447. Kwenye Excel ni hivi:

```
=PV(10%,4,-2000000)/1.1^2
=PV(10%,4,-2000000,0,1)/1.1^3
```

Zuhura: Na mkopo wa kila mwezi? Sh 5,000,000, riba 24% kwa mwaka, miezi 12, riba inahesabiwa kwenye salio.

*Jibu:* Kipindi sasa ni mwezi, kwa hiyo i na n vyote viwe vya mwezi: 2% na 12. Rejesho la kwanza ni mwezi mmoja baada ya kupokea fedha, kwa hiyo PV inatua siku ya mkopo na huhamishi chochote. Kizidishi ni 10.575341, rejesho ni Sh 472,798. Mwezi wa kwanza riba ni 100,000, deni linapungua kwa 372,798. Ukiona mkopeshaji anadai 516,667 kwa mwezi, amepiga 24% kwenye milioni tano zote mwaka mzima bila kujali unavyopunguza deni. Hiyo si fomula ya anuiti.

Baraka: Ada ikipanda 5% kila mwaka baada ya ile ya kwanza, tunafanyaje?

*Jibu:* Malipo hayako sawa tena, fomula ya juu haifai. Kwa ada nne, irudishe kila moja peke yake: 2,000,000, 2,100,000, 2,205,000 na 2,315,250, ya kwanza ukigawa kwa 1.1, ya pili kwa 1.1², na kuendelea. Jumla ni 6,791,715, nayo iko alama 2 kama mwanzo. Ukiirudisha miaka miwili, anahitaji Sh 5,612,988 leo.