Noti ya bluzi kati ya C na C#: somo la gitaa kwa hatua

Wengi wetu tulipewa skeli ya bluzi kama orodha ya noti sita. Kwa A ni A, C, D, Eb, E na G. Vidole vinaizoea kwa siku mbili tu pale freti ya tano. Kisha unaipiga juu ya A7, hakuna noti uliyokosea, na bado haisikiki kama bluzi. Mimi nilikaa miaka na tatizo hilo nikidhani ni mkono wangu mzito. Kumbe tatizo lilikuwa C. Nilikuwa naipiga kama freti inavyoitoa, na hakuna aliyeniambia kwamba C ya kwenye orodha ni alama ya mahali tu, na kwamba noti yenyewe inakaa juu yake kidogo.

Waliokulia kwenye kwaya wataelewa haraka nikisema kwa solfa: do, ma, fa, fe, so, ta. Tazama kilichokosekana: hakuna mi. Lakini kodi inayopigwa chini yako ina mi. Somo lote la leo liko kwenye mvutano huo mmoja, kati ya ma ya mwimbaji na mi ya kodi. Noti ya bluzi inazaliwa katikati yao.

Hatua ya kwanza: sikia ugomvi wenyewe

Tuni gitaa vizuri, maana kosa dogo la kutuni litakudanganya katika kila kinachofuata. Jirekodi kwenye simu ukipiga A7 peke yake kwa dakika mbili, mapigo manne manne, bila madoido. Kodi hiyo ina A, C#, E na G.

Sasa cheza rekodi hiyo na ushike waya wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba, kwenye freti ya tano. Hiyo ni C. Iache ilie mpaka ife. Utasikia inakwaruzana na C# ya kodi. Halafu sogea freti ya sita, ambayo ni C#. Mkwaruzo unaisha na mambo yanatulia, matamu kama itikio la wimbo wa Jumapili. Rudia kwenda na kurudi mara kumi. Sikio lako linajifunza kuta mbili za chumba, na tunachokitafuta kiko ndani ya chumba.

Hatua ya pili: vuta waya nusu ya njia

Rudi freti ya tano. Kwa kidole cha shahada, vuta waya kuelekea sakafuni huku ukiendelea kuukandamiza. Mvuto ni mdogo sana, waya unasogea kidogo tu kutoka mahali pake. Mara ya kwanza tumia programu ya kutuni. Kabla ya kuvuta, sindano inasimama katikati ya C. Ukivuta inapanda, na ikifika alama ya +50 programu inaanza kuhangaika: mara inaandika C, mara C#. Kuhangaika kwake ndiko dalili kwamba umefika katikati. Kwa mtetemo, C hii ni 261.6 Hz, C# ni 277.2 Hz, na katikati yao ni kama 269 Hz.

Ukishafika hapo mara kadhaa, funga programu. Noti ya bluzi haina nukta moja iliyopigiliwa msumari. Kuna waimbaji wanaosimama karibu na C, wengine wanakaribia C#, na mtu yuleyule anaweza kubadilisha ndani ya mstari mmoja. Tena mara nyingi noti yenyewe inatembea: inaanza chini, inapanda taratibu, inakufa kabla ya kufika C#. Sikio ndilo linaloamua, programu ilikuwa ya kukuonyesha mlango tu.

Kosa ninalolisikia zaidi ni kuvuta mpaka mwisho. Nyaya nyembamba zinarahisisha hilo, unavuta kidogo na tayari umefika C# kamili. Ukijisikiliza na noti ikawa imetulia kabisa juu ya kodi, umepitiliza. Kosa la pili ni kinyume chake, kuutikisa waya kwa kasi tangu mwanzo, hivyo msikilizaji hajui noti ilikuwa inaelekea wapi. Fika kwanza, tikisa baadaye.

Hatua ya tatu: kodi ikibadilika, noti nayo ibadilike

Hapa ndipo orodha ya noti sita inapowaangusha watu. Chukua bluzi ya kawaida ya vipimo 12 katika A: vinne vya A7, viwili vya D7, viwili vya A7, kimoja cha E7, kimoja cha D7, na viwili vya mwisho vya A7.

Piga kijisentensi hiki juu ya A7: E (waya wa pili, freti 5), D (waya wa tatu, freti 7), C iliyovutwa (waya wa tatu, freti 5), kisha tua A (waya wa nne, freti 7). C pale imevutwa nusu kwa sababu chini kuna C#.

Kipimo cha tano kinaingia D7. Kijisentensi ni kilekile, noti zilezile, ila safari hii usiivute C hata kidogo. D7 ina D, F#, A na C. C sasa iko ndani ya kodi, haina wa kugombana naye, na ukiivuta inasikika kama gitaa lililolegea. Ipige imenyooka. Kipimo cha saba A7 inarudi, vuta tena.

Fanya vipimo hivyo vinane tu kwa wiki nzima. Msikilizaji atasikia kama umepiga vitu viwili tofauti, ilhali kilichobadilika ni mvuto mdogo wa waya mmoja. Kwenye E7 ugomvi unahamia kwingine: kodi ina G#, skeli yako ina G, basi G ndiyo inayovutwa. Ukiielewa C, hiyo haitakusumbua.

Kuhusu Eb nitasema kidogo. Ni noti ya kupitia, kati ya D na E. Ukikaa juu yake muda mrefu inachosha. Ipige fupi, au vuta D kuelekea huko kisha urudi.

Kwa nini iko katikati?

Freti za gitaa na vitufe vya piano vinaigawa oktavu sehemu 12 zilizo sawa. Watu walioianzisha bluzi kusini mwa Marekani walikuwa wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliopelekwa utumwani, na sauti zao hazikuzaliwa ndani ya mgawanyo huo. Walipokutana na vyombo vyenye kodi za Kizungu, kodi ilishika mi yake na sauti ikashika njia yake. Asili kamili ya njia hiyo wataalamu bado wanabishania, ingawa wengi huitafuta Afrika Magharibi. Hakuna upande uliomshinda mwenzake, na ndiyo maana bluzi haiingii vizuri kwenye kikapu cha meja wala cha maina.

W. C. Handy, mwanamuziki aliyesomea kazi yake, alieleza jinsi alivyomsikia mtu kwenye stesheni ya treni ya Tutwiler, Mississippi, mwanzoni mwa miaka ya 1900, akipiga gitaa kwa kukandamiza kisu kwenye nyaya. Fikiria kisu hicho: hakijui freti, kinateleza na kusimama popote. Baadaye Handy alipoandika bluzi zake, ikiwemo ile maarufu ya St. Louis ya mwaka 1914, karatasi haikuwa na alama ya mahali pale palipo katikati. Akaandika noti ya tatu na ya saba zilizoshushwa nusu toni. Orodha yetu ya noti sita inafanana na uamuzi huo: ni makadirio ya karatasi, na inabidi mkono uirudishe noti mahali pake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimefuata hatua ya pili na ya tatu, lakini jamaa yangu anayenipigia kodi anasema niko nje ya tuni. Nani kakosea?*

Muulize anapiga kodi gani. Mara nyingi mtu akisikia C kwenye solo anadhani wimbo ni maina, anaweka Am. Am ina C yake imetulia kabisa. Ukivuta yako juu ya hiyo, kweli uko nje. Mwambie aweke A7, kisha mrekodi tena. Ikibaki mbaya, angalia kama unaivuta pia kwenye D7.

*Shikamoo mwalimu. Mimi napiga fidla kwenye taarabu hapa Unguja. Hiyo noti ya katikati si ndiyo tunayoipiga kwenye Rasti?*

Marahaba. Kwa kimo zinakaribiana sana, na sikio lako litaifikia kabla ya wapiga gitaa wote humu. Noti ya tatu ya Rasti iko kati ya tatu ndogo na tatu kubwa, takriban katikati. Tofauti iko kwenye kazi yake. Katika Rasti ni mkazi wa skeli, udi na kanuni wanaipiga pamoja nawe, kwa hiyo ni tulivu na ni ya nyumbani. Kwenye bluzi kodi ya chini inaipinga, nayo inasogea. Jaribu Rasti juu ya A7, utasikia noti ileile imekosa utulivu. Wala usichukulie kwamba moja imetokana na nyingine kwa sababu vimo vinafanana.

*Napiga kinanda kanisani. Mimi sina waya wa kuvuta, nifanyeje?*

Hamia C7, ambako Eb ni kitufe cheusi na E ni cheupe kilicho jirani. Weka kidole kimoja kwenye Eb, kiteleze haraka kiangukie E, huku G ikilia juu yake. Hutapata noti ya katikati, ila sikio litazichanganya hizo mbili. Katika A mteremko huo haupo, kwa sababu C ni cheupe na C# ni cheusi. Kama kinanda chako ni cha umeme na kina gurudumu la kupandisha sauti, vingi vimewekwa kupanda toni nzima. Basi piga Eb na usukume gurudumu robo ya safari yake tu.

*Sasa nikiandikia kwaya, niandike mi au ma?*

Andika ma, kisha chora kishale kidogo cha kupanda juu yake. Halafu waimbie wewe mwenyewe mara mbili tatu, kinanda kikishika kodi yenye mi. Soprano wataishusha ile ma mpaka chini kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kuisoma. Waambie waanze hapo, wapande bila kufika mi, na mstari uishie do.