Badilisha mwanzo na ombi, katikati paache

Ukiwaandikia maajenti kadhaa wa ajira Kampala, aya ya katikati inayoeleza uzoefu wako iache ilivyo. Kinachobadilika ni sentensi ya kwanza na ombi la mwisho. Tuseme wewe ni mtunza stoo. Anayetafutia viwanda vya Namanve mwandikie: "Nimeona unatafuta mtu wa stoo wa zamu ya usiku, zamu hiyo nimeizoea." Wa mashamba ya maua Entebbe, anza na chumba cha baridi. Kisha jipime kwa kubadilisha majina tu: sentensi ya kwanza ikimfaa na yule ajenti mwingine, iandike upya. Kwenye Gmail ya kompyuta bandika aya hiyo ya katikati kwa Ctrl+Shift+V, la sivyo fonti mbili tofauti zitakuumbua.